Barua ya Pongezi Haifuti Malimbikizo: Nadharia Tatu za Motisha kwa Watumishi wa Kada za Chini

Mtumishi wa kada ya chini anapokabidhiwa cheti cha mfanyakazi bora huku akidai posho ya miezi minne, aghalabu hukipokea kwa tabasamu, kisha siku inayofuata huchelewa kazini kama kawaida. Msimamizi hushangaa na kumwona hana shukrani. Nadharia za mahitaji ya mfanyakazi zinaonesha kuwa kosa huenda si la mtumishi huyo, bali ni la mpangilio wa motisha yenyewe.

Inayofahamika zaidi ni nadharia ya Abraham Maslow, iliyochapishwa mwaka 1943. Mtaalamu huyo wa saikolojia wa Marekani aliyapanga mahitaji ya binadamu katika ngazi tano: mahitaji ya mwili, usalama, upendo na ushirika, heshima, na kukamilisha kipaji. Hitaji la chini lisipotoshelezwa, la juu hupoteza nguvu ya kumsukuma mtu. Hata hivyo, Maslow mwenyewe alieleza kuwa si lazima ngazi moja itimie kwa asilimia 100 ndipo nyingine ianze. Kwa hiyo, msimamizi anayesema kuwa watumishi wa kipato kidogo hawahitaji heshima mpaka mishahara iongezwe, anaitumia nadharia hiyo visivyo.

Frederick Herzberg na wenzake, katika kitabu chao cha mwaka 1959, walitenganisha mambo mawili. Mshahara, usimamizi, mazingira ya kazi na taratibu za taasisi vikiwa vibaya huleta manung'uniko. Vikirekebishwa, manung'uniko hupungua, lakini ari haizaliwi hapo. Ari hutokana na mafanikio, kutambuliwa, kupewa wajibu na kupanda cheo. Ikumbukwe kuwa aliowahoji walikuwa wahandisi na wahasibu wa eneo la Pittsburgh, si wafagiaji wala walinzi. Kwa anayepata kipato cha kujikimu tu, fedha inaweza kuwa na uzito mkubwa kuliko nadharia hii inavyoonesha.

Clayton Alderfer, mwaka 1969, aliyapunguza mahitaji kuwa makundi matatu: kuishi, kuhusiana na kukua. Jambo jipya aliloongeza ni kwamba mtu anayezuiwa kukua hurudi nyuma na kudai zaidi yale ya chini. Madai ya fedha, basi, wakati mwingine huwa dalili ya mlango mwingine uliofungwa.

Tuchukue mfano wa kituo cha afya chenye wahudumu wanane. Mfawidhi hana mamlaka ya kupandisha mishahara, lakini anaweza kuuliza maswali mawili ambayo msingi wake ni mbinu ya Herzberg: ni siku gani mhudumu aliridhika sana na kazi, na ni siku gani ilimchukiza? Maswali hayo humtaka mtu asimulie tukio halisi badala ya kutoa maoni ya jumla. Ni vyema aulizwe faraghani, na majibu yasitumike katika tathmini ya utendaji wake.

Tuseme wahudumu sita wanataja uhaba wa glovu na zamu za usiku zinazobadilishwa bila taarifa. Saba wanakumbuka siku mkunga alipowashukuru baada ya mama kujifungua salama. Hatua ya kwanza ni kuhakikisha glovu zinapatikana, kubandika ratiba ya zamu wiki mbili kabla, na kuwaeleza kwa maandishi malimbikizo yao yamefikia hatua gani. Hatua ya pili ni kumpa kila mhudumu eneo lake la wajibu na kumshirikisha katika kikao cha asubuhi. Hatua hizo zikigeuzwa, wajibu mpya utaonekana kuwa mzigo usiolipwa.

Mhudumu mmoja, mwenye miaka 12 kazini, anadai posho kwa ukali kuliko wenzake. Kabla ya kumjibu, mfawidhi hupaswa kuangalia jalada lake. Ikiwa madai hayo yalianza baada ya ombi lake la ruhusa ya masomo kukataliwa, maelezo ya Alderfer yanaweza kufaa, na mazungumzo kuhusu masomo yatasaidia kuliko nyongeza ndogo. Ikiwa posho ni stahiki yake na haijalipwa, hilo ni deni, na hakuna nadharia inayolifuta.

Matokeo nayo yasomwe kwa uangalifu. Malalamiko kuhusu zamu yakipungua lakini wahudumu wakaendelea kufanya yale tu waliyoagizwa, hatua ya kwanza imefaulu na ya pili bado. Wakianza kutoa taarifa za upungufu wa vifaa kabla ya kuulizwa, hiyo ni dalili kwamba ari imeanza kujengeka.