Tasnifu Inayosubiri Kukamilika Kabisa

Fungua kompyuta ya mwanafunzi wa uzamili aliyekwama, utayasoma masaibu yake kwenye majina ya mafaili: Sura2.docx, Sura2_mwisho.docx, Sura2_mwisho_kabisa.docx, kisha Sura2_mwisho_kabisa_mpya.docx. Masomo ya darasani aliyamaliza vizuri. Hojaji zilisharudi kutoka mitaani na data imeshaingizwa. Lakini msimamizi wake hajaona hata ukurasa mmoja tangu mwaka jana, na kila akiulizwa jibu ni lile lile: "Bado naiweka sawa kidogo."

Nyumbani watamwita mvivu, na hapo wanamwonea. Mvivu hafungui faili. Huyu hulifungua kila usiku watoto wakishalala, akasoma aya ya kwanza, akabadili "ulionesha" kuwa "ulibainisha", akapakua makala nyingine mbili, akalala saa saba akiwa na idadi ile ile ya kurasa. Wakati huo ruhusa ya masomo kazini inakwisha, ada ya kuongezewa muda inadaiwa, na data aliyokusanya inazidi kuchakaa.

Tatizo lake ni kwamba anafanya kazi kwa kipimo ambacho hajawahi kukiandika popote. Kichwani mwake kuna tasnifu ambayo mtahini hataikosoa hata kwa nukta, na kila anachokiandika kinapungukiwa kikilinganishwa na hiyo. Ni kipimo cha ajabu, kwa sababu vyuo vyenyewe havikihitaji. Kwa kawaida watahini huwa na matokeo kadhaa ya kuchagua: kazi ipite kama ilivyo, ipite kwa sharti la masahihisho, irekebishwe na kuwasilishwa upya, au ikataliwe. Kupita kwa masahihisho ni jambo la kila siku, na masahihisho yamewekewa muda wake kabisa baada ya utetezi. Anayejaribu kuyamaliza yote kabla hajawasilisha anafanya kazi ambayo utaratibu umeshaitengea nafasi baadaye, tena bila msaada wa wale watakaomwonyesha cha kusahihisha.

Kuna pia mkanganyiko wa ngazi. Shahada ya uzamivu ndiyo inayodai mchango mpya katika taaluma. Tasnifu ya uzamili kwa kawaida inataka mtu aonyeshe kwamba anaweza kuuliza swali linalotafitika, akachagua mbinu inayolifaa, akakusanya na kuchambua data kwa uaminifu, akasema alichokipata na mipaka yake. Ukianza safari ya uzamili ukiwa na mizigo ya uzamivu, utachelewa tu.

Tuchukue mfano. Tuseme mwanafunzi anachunguza kama mikopo ya VIKOBA huwaongezea mtaji akina mama wanaouza samaki pale Feri, Dar es Salaam. Amekwama sura ya pili, mapitio ya maandiko, na hapo ndipo wengi hukwama, kwa kuwa maandiko hayaishi. Kila makala ina orodha ya marejeleo, na kila rejeleo lina orodha yake.

Kabla ya kugusa faili tena, achukue nusu karatasi aandike sura hiyo ikiwa tayari itakuwa imefanya nini. Itaeleza jinsi VIKOBA vinavyofanya kazi. Itaonyesha tafiti zilizotangulia zimepata nini kuhusu mikopo midogo na mtaji wa wanawake, zikiwemo zile zinazopingana. Itataja nadharia moja atakayoitumia na sababu ya kuichagua. Mwisho itaonyesha pengo ambalo swali lake linalijaza. Kurasa ziwe kama 25. Karatasi hiyo aipeleke kwa msimamizi na kumuuliza: "Mwalimu, sura ikiwa na haya, utaipokea?" Akikubali, kipimo kimetoka kichwani kimekuwa makubaliano ya watu wawili. Akiongeza jambo, litaongezwa sasa, kabla ya miezi sita kupotea.

Kusoma nako kuwe na kikomo. Dalili ya kutosha inaonekana: makala mpya zinaanza kunukuu waandishi ambao tayari unao, na hakuna inayokulazimisha kubadili hoja. Makala tano mfululizo zikiwa hivyo, funga kivinjari uandike. Kitabu muhimu kikijitokeza baadaye, aya moja itaongezwa bila sura kubomolewa.

Kisha tarehe. Mwaka 2002 watafiti Dan Ariely na Klaus Wertenbroch walichapisha utafiti ambamo watu waliolipwa kusahihisha maandishi matatu walipangiwa tarehe kwa namna tofauti. Waliopewa tarehe zilizogawanywa sawasawa, andiko moja kila wiki, walifanya vizuri zaidi ya walioachiwa kujipangia, na waliojipangia waliwashinda waliopewa tarehe moja ya mwisho. Kwa mwandishi wa tasnifu, funzo lake ni kwamba "nitamaliza Desemba" haitoshi. Sura igawanywe vipande vinne, Ijumaa nne, saa kumi jioni.

Ila tarehe unayoijua peke yako utaisogeza peke yako. Lazima awepo mtu anayesubiri: msimamizi akikubali, au mwenzako wa darasa mnayebadilishana kurasa. Sharti liwe moja, kwamba ikifika saa kumi kinatumwa kilichopo. Penye tarakimu inayokosekana andika CHANZO??? uendelee, siku ya kukagua utabonyeza Ctrl+F na kuzikuta zote. Hapo ndipo mpenda ukamilifu huumia, kwa kuwa kutuma ukurasa wenye alama za kuuliza kwake ni kama kutoka barabarani na shati lisilopigwa pasi. Lakini msimamizi anaweza kuokoa wiki nzima kwa kuandika pembeni "hoja hii haihitajiki", jambo asiloweza kulifanya kwa ukurasa ambao hajauona.

Siku moja kabla ya kutuma, masahihisho yapimwe kwa swali moja: badiliko hili linabadili hoja, ushahidi au uelewa wa msomaji? Kama jedwali lina jumla isiyolingana na maelezo, rekebisha hata usiku wa manane. Kama unahamisha koma unayoihamisha tangu juzi, acha.

Yapo mambo yasiyo na "inatosha", na sipendi watu watumie hoja hii kuyakwepa. Data haibuniwi ili tarehe ifikiwe. Maneno ya mwingine hayaingii bila kutajwa. Ridhaa ya wale akina mama wa Feri haijazwi baadaye mezani. Kadhalika, kuna kukwama kusikotokana na kupenda ukamilifu. Ukiona wiki zinapita na huwezi kueleza kwa sentensi mbili jinsi utakavyochambua hojaji zako, unachokosa ni ujuzi. Tafuta mtu wa takwimu akukalishe chini kwa saa mbili; tarehe kali hapo zitakuongezea hofu tu. Na kama kazi umeituma na msimamizi ndiye amekaa nayo kwa miezi, mkumbushe kwa barua pepe yenye tarehe. Akinyamaza, nenda kwa mratibu wa masomo ya juu wa idara, ukiwa na kumbukumbu za ulichotuma na lini.

Kwa hiyo wewe mwenye Sura2_mwisho_kabisa_mpya.docx, usiifungue leo. Andika kwanza ile nusu karatasi, na Jumatatu asubuhi umpelekee msimamizi wako.