Shilingi ikidhoofika: Jinsi wauza vipodozi wa Nairobi wanavyopanga bei na maagizo

Mwanzoni mwa mwaka 2023 dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa takriban shilingi 123 za Kenya. Kufikia Januari 2024 ilihitaji takriban shilingi 160. Kisha, katika muda wa wiki chache tu, mambo yaligeuka: Benki Kuu ilikuwa imepandisha riba yake hadi asilimia 13, serikali ikauza hati mpya ya dhamana katika soko la kimataifa ili kulipa sehemu ya deni lililokuwa likikaribia kuiva mwezi Juni, na mwishoni mwa Machi dola ilikuwa imeshuka hadi karibu shilingi 132.

Kwa wenye maduka ya vipodozi katika barabara ya Dubois na vichochoro vya jirani katikati ya Nairobi, miezi hiyo ilikuwa mtihani wa pande mbili. Karibu kila kitu kilichopo kwenye rafu zao, kuanzia mafuta ya uso hadi mawigi na kucha za bandia, hununuliwa kwa dola kutoka Dubai, Guangzhou au kwingineko. Waliochelewa kupandisha bei waliona mtaji ukiyeyuka huku wakidhani wanapata faida. Waliojaza bohari kwa hofu walijikuta na mali ghali wakati majirani zao wakiingiza ya bei nafuu.

Mfano ufuatao unaonyesha namna hali hizo mbili zinavyotokea. Tarakimu za bidhaa ni za kufafanulia, ila hesabu yenyewe ndiyo inayofanyika dukani.

Chupa moja na gharama yake

Mwanamke mmoja anaagiza mafuta ya uso kwa dola 4 kwa chupa. Usafirishaji na bima vinaongeza senti 50, hivyo chupa inafika bandarini kwa dola 4.50. Tuseme ushuru wa forodha na kodi na ada nyingine zinazotozwa humo humo, zikijumlishwa, zinafikia nusu ya thamani hiyo. Shilingi 56 zaidi zinamlipa wakala wa forodha na gari la kubeba mzigo hadi dukani.

Dola ikiwa shilingi 125, thamani ya bandarini ni shilingi 562.50. Ukiongeza kodi inakuwa karibu shilingi 844, na ukiongeza zile 56 unapata shilingi 900. Anaiuza kwa 1,200. Katika zile 300 zinazobaki, 180 huenda kwenye kodi ya pango, umeme na mshahara wa msaidizi, na 120 ndizo zake.

Sasa dola inapanda hadi 160, na muuzaji wa nje naye anaongeza bei hadi dola 4.30. Thamani ya bandarini inakuwa dola 4.80, yaani shilingi 768. Hapa ndipo wengi hukosea kwa kudhani kwamba kilichopanda ni bei ya bidhaa peke yake. Kodi hukadiriwa kwa asilimia ya thamani iliyogeuzwa kuwa shilingi, kwa hiyo nayo inapanda ingawa serikali haijabadilisha kiwango chochote. Chupa ile ile sasa inagharimu shilingi 1,208 hadi kufika dukani. Ni shilingi nane zaidi ya bei anayowauzia wateja.

Lakini zile zilizopo kwenye rafu alizinunua kwa 900. Mteja anatoa 1,200, daftari linaonyesha faida ya 300, na duka linaonekana kuchangamka. Akiuza chupa 100 anakusanya shilingi 120,000. Akitoa 18,000 za kuendesha duka anabaki na 102,000, na fedha hizo zikienda sokoni zinarudi na chupa 84. Yeye mwenyewe hajala hata shilingi moja, na chupa 16 zimetoweka. Mzunguko wa pili ukienda hivyo, zitatoweka nyingine.

Kwa sababu hiyo wafanyabiashara wazoefu hawapangi bei kwa kutazama risiti ya zamani. Wanatazama gharama ya kuirudisha bidhaa ile ile kwenye rafu leo. Na kiwango cha dola wanachotumia ni kile watakachouziwa kweli na benki au duka la fedha, si kile kinachotangazwa. Mapema mwaka 2023, dola zilipokuwa adimu nchini Kenya, tofauti kati ya viwango hivyo viwili ilikuwa kubwa kiasi cha kuimeza faida ya mtu.

Ipo dalili moja isiyohitaji kalamu wala karatasi. Wachuuzi wenzako, au wanunuzi wa jumla kutoka nchi jirani wenye dola mkononi, wanapoanza kubeba mali yako kwa katoni bila kuomba punguzo, bei yako imepitwa na wakati.

Kupandisha hadi wapi

Bei mpya ya chupa ile ina sakafu yake. Gharama ya kuirudisha, 1,208, ikijumlishwa na 180 za kuendesha duka ni shilingi 1,388. Chini ya hapo duka linajila lenyewe. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni angalau 1,400, ingawa mwenye duka hapati karibu chochote.

Juu ya sakafu kuna hesabu mbili zinazoshindana. Aliyezoea kubaki na robo ya bei ya kuuzia atasema bei iwe takriban 1,610. Anayetaka kubaki na karibu shilingi 300 zile zile atasema 1,500. Hesabu ya pili ina busara zaidi kwa muda mfupi, kwa kuwa pango na mshahara hulipwa kwa shilingi na havijapanda siku ile ile dola ilipopanda. Kumtoza mteja asilimia juu ya sehemu iliyoletwa na dola tu ni kumsukuma kwenda duka la pili. Baada ya miezi kadhaa, nauli, chakula na mishahara vikifuata, hesabu ya asilimia inaweza kurejewa.

Hivyo bei inapanda kwa hatua mbili: 1,400 mara moja, kisha 1,500 shehena mpya inapowasili. Kusubiri hadi shehena iwasili ndipo bei iguswe ni kuchelewa, kwani fedha za kuilipia hutoka kwenye mauzo ya leo.

Si kila bidhaa inastahili kupandishwa kwa kipimo kimoja. Mafuta ya kujipaka yanayojulikana na kila mtu yana bei ambayo wateja wameikariri, na wanaitumia kulipima duka zima. Wengi huyaacha karibu na sakafu, kisha hufidia kwenye vitu ambavyo mteja hununua mara mbili kwa mwaka na hakumbuki alilipa kiasi gani, kama vile brashi za poda au kope za bandia. Njia nyingine ni kuagiza chupa ndogo zilizofungwa kiwandani. Kinachopaswa kuepukwa ni kumimina losheni kutoka pipa hadi vikopo dukani: mkono na hewa huingiza vijidudu, na bidhaa hupoteza lebo yenye viambato na tarehe ya mwisho ya matumizi.

Misukosuko ya sarafu huleta pia mali bandia. Soko zima likipandisha bei na msambazaji mmoja akabaki na ile ya mwaka jana, swali la kwanza liwe: ameipata wapi? Katika mafuta ya kung'arisha ngozi hatari huzidi, kwa sababu zebaki na haidrokwinoni, ambazo haziruhusiwi katika vipodozi nchini Kenya, hazionekani kwa macho.

Agizo jipya

Bei ikishabadilika, mpango wa kuagiza nao hauwezi kubaki ulivyokuwa, na hapa wengi hujisahau. Mwanamke wetu alikuwa akiuza chupa 20 kwa wiki. Tangu alipe malipo ya awali hadi mzigo utoke Mombasa na kufika dukani ni wiki 8, na anapenda kuwa na akiba ya wiki 2. Kwa hiyo alikuwa akiagiza kila mara zilipobaki chupa 200.

Kwa bei ya 1,500 mauzo yanashuka hadi chupa 15 kwa wiki. Wiki 10 sasa ni chupa 150. Akiendelea kuagiza kwa mazoea, mtaji ambao umekuwa haba utalala kwenye rafu huku tarehe ya mwisho ya matumizi ikisogea. Ni vyema asubiri wiki tatu au nne za mauzo kwa bei mpya kabla ya kuamua kiwango kingine, kwani wiki ya kwanza hudanganya: wapo wanaosusa halafu hurudi.

Kishawishi kikubwa Januari 2024 kilikuwa kinyume cha hicho. Dola ilikuwa imepanda mwaka mzima, na mtu aliona heri anunue mali ya miezi tisa kabla haijafika 180. Tuseme mmoja aliagiza chupa 600 kwa kiwango cha 160, na jirani yake akasubiri akaagiza kwa 130. Kwa jirani, dola 4.80 ni shilingi 624, na baada ya kodi na usafiri chupa inafika dukani kwa 992. Tofauti ni shilingi 216 kwa chupa. Kwa chupa 600 ni shilingi 129,600. Angeagiza 150 peke yake, pigo lingekuwa 32,400.

Jirani anauza kwa 1,300. Mwenye mali ghali hutaka kushikilia 1,500 hadi zilizopo ziishe, na huo ndio wakati ambapo kanuni ya kwanza huuma. Ikiwa bei ilipaswa kupanda kwa kufuata gharama ya kurudisha bidhaa, inapaswa pia kushuka kwa kuifuata. Akiuza kwa 1,300 na kutoa 180 za duka, anabaki na 1,120, na kwa fedha hizo anapata chupa mpya ya 992 na salio la 128. Hasara ilishatokea siku alipolipa. Kung'ang'ania bei ya zamani huongeza tu miezi ambayo mzigo unakaa bila kugeuka fedha.

Lipo pia suala la malipo yenyewe. Viwanda vingi vya China huomba asilimia 30 agizo linapowekwa na 70 kabla mzigo haujapakiwa, mara nyingi wiki kadhaa baadaye. Mtu anayepiga hesabu yote kwa kiwango cha siku ya kwanza anaacha sehemu kubwa zaidi ya deni mikononi mwa soko. Wenye uwezo hununua dola kidogo kidogo kila wiki kutokana na mauzo na kuziweka katika akaunti ya dola hadi siku ya salio, hivyo wanapata kiwango cha wastani. Wasio na uwezo huo hugawanya agizo: nusu sasa, nusu baada ya mwezi, hata kama nauli ya mizigo miwili inazidi kidogo ile ya mmoja.