Saa Nane Siyo 8:00: Jinsi ya Kuisoma Ratiba ya Mtihani wa Kidato cha Nne

Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, likishatoa ratiba ya mtihani wa kidato cha nne, nakala zake husambaa haraka kwenye simu za wazazi na mbao za matangazo za shule. Ni jedwali lenye siku na tarehe upande mmoja, kisha muda, namba ya somo na jina la somo. Anayeliona kwa mara ya kwanza huona mitihani mingi kupita kiasi, tena mingine ya masomo ambayo mtoto wake hajawahi kuyasikia. Hiyo ni kwa sababu ratiba ni moja kwa nchi nzima. Imebeba kila somo linalotahiniwa, kuanzia Kiswahili hadi Kiarabu, na kila mtahiniwa anapaswa kuchambua humo mistari inayomhusu yeye.

Ya kwanza kuangalia ni saa, maana ndiyo inayoponza watu zaidi. Ratiba hutumia saa za Kizungu. Mtihani wa asubuhi huandikwa 08:00 AM, yaani saa 2:00 asubuhi kwa hesabu yetu ya nyumbani. Wa mchana huandikwa 02:00 PM, nao ni saa 8:00 mchana. Tazama vizuri namba hizo mbili: 8 ya ratiba ni saa mbili yetu, na 2 ya ratiba ni saa nane yetu. Mzazi anayesoma 08:00 na kumwambia mwanawe "mtihani wako ni saa nane" hajakosea kwa dakika chache tu. Amemhamisha mtoto kutoka kipindi cha asubuhi hadi cha mchana. Na kwa kuwa saa nane mchana kweli kuna mtihani mwingine, hakuna atakayeshtuka mpaka mtoto afike na kukuta wenzake wameshatoka. Kanuni za mtihani hazimpi nafasi, kwa kuwa anayechelewa zaidi ya nusu saa baada ya mtihani kuanza haruhusiwi kuingia. Kwa hiyo usiishie kwenye namba. Soma pia herufi zinazoifuata: AM ni kabla ya adhuhuri, PM ni baada yake. Ukinakili ratiba kwenye karatasi yako, andika "saa 2:00 asubuhi" kwa maneno kamili.

Namba ya somo nayo ina mpangilio wake. Katika ratiba za kidato cha nne za miaka ya karibuni, namba zinazoanza na 01 ni za masomo ya jamii, kama 011 Uraia, 012 Historia na 013 Jiografia. Zinazoanza na 02 ni lugha: 021 Kiswahili, 022 Kiingereza. Sayansi zimo kwenye 03, ambapo 031 ni Fizikia, 032 Kemia na 033 Baiolojia. Hisabati ya kawaida, inayosomwa na wengi, ni 041. Jirani yake 042 ni Hisabati ya Ziada, somo jingine kabisa ambalo wachache hulifanya. Majina yake kwenye ratiba ni Basic Mathematics na Additional Mathematics, na mtu akisoma neno la mwisho tu anaweza kujikuta ameandika tarehe isiyo yake. Ukiona namba kama 131 au 112, ujue umeshika ratiba ya kidato cha sita, maana Fizikia yao ni 131 na Historia ni 112.

Mkia wa namba ndio unaohitaji utulivu zaidi. Masomo mengi ya kidato cha nne yana karatasi moja, hivyo namba husimama peke yake. Fizikia, Kemia na Baiolojia zina karatasi ya nadharia na ya vitendo, na hapo ndipo mkwaju huingia: 033/1 ni Baiolojia ya nadharia, 033/2 ni ya vitendo. Lakini kwenye ratiba utakuta 033/2A, na pengine 033/2B na 033/2C. Hizo siyo karatasi tatu za kufanywa na mtahiniwa mmoja. Ni matoleo tofauti ya mtihani uleule wa vitendo, na kila mtahiniwa hufanya toleo moja tu. Ratiba haitakuambia ni lipi. Anayejua ni mwalimu wa taaluma au mkuu wa shule, kwa hiyo mtahiniwa wa sayansi amuulize mapema kabla hajaandika tarehe yoyote ya vitendo.

Tuchukue mfano wa msichana anayesoma sayansi. Akianza na ratiba nzima, anapigia mstari namba zake: 011, 012, 013, 021, 022, 031, 032, 033 na 041. Hayo ni masomo tisa, lakini mistari yake haitakuwa tisa. Sayansi tatu zina karatasi mbili kila moja, kwa hiyo anapaswa kupata mistari kumi na miwili. Akihesabu akapata kumi na mmoja, kuna karatasi ameiruka, na mara nyingi ni ya vitendo. Akipata kumi na mitatu au zaidi, huenda ameandika 2A na 2B pamoja. Hesabu hii haimchukui muda, nayo hukamata makosa ambayo macho hayayaoni.

Kuhusu vifaa, ratiba yenyewe husema machache. Maelezo yake ya chini hukazia zaidi makatazo, na simu ndiyo ya kwanza kukumbukwa. Vinavyoruhusiwa huelezwa kwenye fomati za mitihani ambazo NECTA huzichapisha, na kwenye maelekezo ya ukurasa wa kwanza wa karatasi ya mtihani. Mitihani iliyopita ndiyo mahali pazuri pa kuyaona kabla ya siku yenyewe. Kwenye 041 maelekezo yamekuwa yakiruhusu majedwali ya hisabati ya NECTA na kikokotoo kisichoweza kupangiwa programu. Kikokotoo kilicho ndani ya simu hakihesabiki, kwa kuwa simu haiingii chumbani. Majibu huandikwa kwa wino wa bluu au mweusi, na michoro kwa penseli. Sharti hilo la penseli huwagusa sana watahiniwa wa Baiolojia na Jiografia. Vifaa vya vitendo, kama kemikali na vielelezo, huandaliwa na shule kwa maelekezo maalumu inayotumiwa. Mtoto asihangaike kuvitafuta.

Maelezo ya chini yana mambo mengine mawili ambayo wengi huyapita. Moja ni kwamba mtihani ukiangukia sikukuu, hufanyika kama ulivyopangwa. Kwa hiyo mwandamo wa mwezi usiwe sababu ya mtu kubaki nyumbani.

Jingine ni muda wa nyongeza kwa watahiniwa wenye uoni hafifu au wasioona: dakika 20 kwa kila saa ya Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa ya masomo mengine. Ratiba huonyesha muda wa kawaida tu, kwa hiyo hesabu ya ziada unaifanya mwenyewe. Mtihani wa saa tatu wa Hisabati ukianza saa 2:00 asubuhi, wengine humaliza saa 5:00, naye ana dakika 60 zaidi, hadi saa 6:00 mchana. Uraia, nao wa saa tatu, humwongezea dakika 30, yaani hadi saa 5:30. Siku yenye mtihani mwingine saa 8:00 mchana, mapumziko yake ya chakula baada ya Hisabati ni saa mbili wakati wenzake wana tatu. Mzazi na shule wakae wapange mapema nani atamletea chakula na wapi atapumzika, na wahakikishe kwamba taarifa zake zimefika kwa msimamizi wa chumba kabla ya siku ya kwanza.