Kabla hajasimama mbele ya jopo: maswali ya kumuuliza mwenzako anapofanya mazoezi

Mwanafunzi akimaliza kufanya mazoezi ya kuwasilisha kazi yake mbele ya rafiki, humgeukia na kuuliza, "Vipi, iko poa?" Rafiki hujibu, "Iko poa sana, kaka. Utapita tu." Wanaagana, na aliyefanya mazoezi anarudi kulala akiwa hajajua lolote ambalo hakulijua mwanzo.

Kosa si la rafiki peke yake. Swali lenyewe ni baya. Ukimuuliza mtu kama kazi yako ni nzuri, unamwomba akusifu au akuumize, na watu wengi wenye adabu watachagua kusifu. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini ni vigumu kwa rafiki kuufunua uchi wa mwenzake asipopewa njia ya kufanya hivyo. Njia hiyo ni maswali yasiyouliza kama kazi ni nzuri au mbaya, bali yanayouliza msikilizaji ameona nini, amesikia nini na amebaki na nini.

Tuyatazame maswali hayo kwa mfano mmoja. Pale Nyegezi, kando ya ziwa, ipo kampasi ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA. Tuseme kuna kijana anayesomea uvuvi katika chuo cha namna hiyo. Wakati wa fildi alikaa kwenye mwalo mmoja akilinganisha dagaa wanaoanikwa chini mchangani na dagaa wanaoanikwa juu ya vichanja. Amepewa dakika 10 kuwasilisha mbele ya wakufunzi, naye ameandaa slaidi 14. Anamwita mwenzake darasani jioni, siku tatu kabla ya siku yenyewe. Mwenzake anakaa nyuma kabisa akiwa na daftari, kalamu na saa ya simu. Wamekubaliana kwamba hatamkatiza mpaka amalize.

Swali la kwanza: nimebaki na nini?

Mara tu mwenzake anapomaliza kuongea, kabla ya maneno mengine yoyote, msikilizaji anaandika sentensi moja: "Nikienda kumweleza mtu aliyeko nje ulichosema, nitasema hivi." Ndipo anaisoma kwa sauti.

Katika mfano wetu, msikilizaji aliandika: "Dagaa wa Ziwa Victoria hukaushwa kwa njia mbili." Mwenye kazi akashtuka. Yeye alitaka watu wabaki na jambo lingine kabisa, kwamba dagaa wa kwenye kichanja walikauka mapema, hawakuwa na mchanga, na kwa hiyo walipata bei nzuri zaidi. Hakuna aliyemwambia kwamba kazi yake ni mbaya. Sentensi mbili tu ziliwekwa pamoja na hazikufanana, na hapo alijua kuna kitu cha kurekebisha.

Kwa nini ujumbe haukufika? Jibu lilikuwa kwenye swali la pili.

Swali la pili: ni dakika ya ngapi ulinipoteza?

Wakati wa kusikiliza, mwenzake alikuwa akiandika pembeni muda ambao kila sehemu ilianza, na kuweka alama ya mkato kila alipojikuta akiwaza mambo mengine. Daftari lake lilionyesha hivi: utangulizi kuhusu ziwa, nchi zinazolizunguka na historia ya uvuvi, dakika 4. Jinsi kazi ilivyofanyika, kuanzia dakika ya 4 hadi ya 10. Matokeo yalianza slaidi ya 11, dakika ya 10 ikiwa imeshapita. Jumla, dakika 13. Alama za mkato zilijaa kwenye utangulizi.

Hili ndilo jambo ambalo kijana huyu asingeliona peke yake. Kama mwenyekiti wa jopo angemsimamisha dakika ya 10, wakufunzi wasingesikia hata tokeo moja. Wangempa alama kwa kuwaeleza kwamba Tanzania, Uganda na Kenya zinachangia Ziwa Victoria, jambo ambalo kila mkufunzi wa uvuvi analijua.

Kwa hiyo walikata utangulizi ukabaki dakika 1, na tokeo kuu likahamia slaidi ya 2, likisemwa kwa sentensi moja kabla ya maelezo ya jinsi lilivyopatikana. Slaidi 14 zikawa 8. Kwa dakika 10, kila slaidi ikapata zaidi ya dakika moja, na hakulazimika tena kukimbiza maneno.

Swali la tatu: jicho langu lilienda wapi kwanza?

Swali hili linahusu slaidi zenyewe. Macho na masikio ya mtu hugombania akili ileile. Slaidi ikijaa maandishi, msikilizaji atasoma au atasikiliza, na mara nyingi atasoma. Kwa hiyo mwenzako akwambie, kwa kila slaidi, alichokiona kwanza, na kama alimaliza kusoma kabla hujaanza kueleza.

Kama hakuna projekta ya kufanyia mazoezi, simu inatosha kupima kama maandishi yatasomeka. Fungua slaidi kwenye simu, ilaze iwe pana, kisha nyoosha mkono. Kioo cha simu ya kawaida kina upana wa sentimita 14 hivi, na kutoka jichoni hadi kiganjani ni kama sentimita 70, yaani mara tano ya upana wake. Aliyekaa mita 10 kutoka kwenye kitambaa chenye upana wa mita 2 yuko vilevile, mara tano ya upana. Kwa hiyo usichoweza kukisoma kwenye simu mkono ukiwa umenyooka, aliyekaa nyuma hataweza kukisoma ukumbini. Usivute simu karibu na usikuze picha kwa vidole, maana ukumbini hakuna atakayeweza kufanya hivyo.

Slaidi ya 11 ilishindwa kipimo hiki. Ilikuwa na jedwali la mistari 6 na safu 5, tarakimu 30 kwa pamoja. Mwenzake alisema: "Niliona tarakimu nyingi. Sikujua nianzie wapi." Walibakiza mihimili miwili tu, mmoja wa mchangani na mmoja wa kichanja, ikionyesha muda wa kukauka. Jedwali zima likaenda mwisho, baada ya slaidi ya shukrani, lifunguliwe mkufunzi akiliulizia.

Swali la nne: funga slaidi, nieleze kwa Kiswahili

Vyuoni kwetu kazi nyingi huwasilishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi anaweza kukariri sentensi zikatoka zimenyooka, huku mwenyewe hajui zinasema nini. Dalili yake ni kugeuka na kusoma ukutani, mgongo ukiwa kwa watu. Mwenzake achague slaidi moja ngumu, aifunge, aseme: "Nieleze hii kama unavyomweleza mama anayeuza dagaa pale Mwaloni Kirumba."

Jibu litaonyesha tatizo liko wapi. Akieleza vizuri kwa Kiswahili lakini akakwama kwa Kiingereza, tatizo ni lugha. Basi aandike sentensi tatu au nne fupi za Kiingereza kwa slaidi hiyo na azizoee mdomoni. Akikwama kwa lugha zote mbili, tatizo ni somo lenyewe. Hapo hata mazoezi ya kuongea mara kumi hayatamsaidia. Arudi kwenye daftari lake la fildi au kwa msimamizi wake.

Swali la tano: hii umeipataje?

Mwisho, msikilizaji achague tarakimu au dai moja aliloliona kubwa na kuuliza limetoka wapi. Si lazima awe mtaalamu. Mwenzetu wa mfano aliuliza mawili: "Ulipima wiki za jua tu, au na za mvua?" na "Kichanja chenyewe kinagharimu kiasi gani?"

La kwanza lilikuwa na jibu fupi: wiki za jua tu. Mwanzoni kijana alitaka kulizungukazunguka. Walikubaliana aseme wazi, "Nilipima wakati wa jua. Kwa kipindi cha mvua sina vipimo." Mkufunzi akiuliza, mwanafunzi aliyekwisha kusema mpaka wa kazi yake hana cha kuficha. La pili lilimbana zaidi, kwa sababu alikuwa na bei za dagaa lakini hakuwa na gharama za nguzo na nyavu. Alikuwa na siku tatu. Alipiga simu kule mwaloni kwa watu waliomsaidia fildi, akapata gharama hizo. Hii ndiyo sababu mazoezi yasifanywe usiku wa kuamkia siku yenyewe: utajua kasoro, na hutakuwa na muda wa kuiondoa.

Yanayoharibu zoezi hili

Kosa la kwanza ni kumrundikia mwenzako kasoro 20. Atarekebisha zile rahisi, kama herufi iliyokosewa au rangi, na kuacha kubwa. Msikilizaji achague tatu tu, na kila moja aitaje kwa namba ya slaidi au dakika. "Uliongea haraka" haisaidii. "Kuanzia slaidi ya 6 sikuweza kukufuata" inasaidia, kwa sababu mwenzako anajua pa kurudi.

Kosa la pili ni kumtumia mtu aliyekuwa naye fildi. Huyo anajaza mapengo kwa kumbukumbu zake mwenyewe. Tafuta mwenye kozi nyingine.

Zoezi hili lina mpaka pia. Mwanafunzi mwenzako anaweza kukwambia kama umeeleweka, lakini hawezi kuthibitisha kama vipimo vyako ni sahihi. Hiyo ni kazi ya msimamizi.

Wewe mzazi au ndugu unayesoma hapa, unaweza kuwa msikilizaji hata kwa simu. Mwache mwanao aongee dakika zake bila kumkatiza, kisha mwambie ulichobaki nacho.

Nakili maswali haya kwenye simu yako

1. Nimebaki na jambo gani moja?
2. Ni dakika ya ngapi nilikupoteza?
3. Jicho langu lilienda wapi kwanza, na nilisoma au nilisikiliza?
4. Funga slaidi, nieleze kwa Kiswahili.
5. Hii umeipataje?