Mstari wa Tatu: Kujifunza kwa Karatasi ya Maabara Iliyosahihishwa

Mwalimu akisharudisha karatasi za kemia, wanafunzi wengi hutazama alama, kisha husoma masahihisho mara mbili tatu na kutikisa kichwa kukubali. Kila mstari unaonekana wazi na kila hesabu inakaa sawa. Wiki mbili baadaye swali lilelile linakuja na namba nyingine, na kalamu inakwama palepale ilipokwama mwanzo. Macho yalishauzoea ukurasa, lakini kuuzoea ukurasa na kuweza kuuandika upya ni mambo mawili tofauti.

Nina mfano mmoja ninaotaka tukae nao. Ni mwanafunzi wa kidato cha nne anayeishi Kwihara, nje kidogo ya Tabora mjini. Amefanya titresheni ya sodiamu kabonati yenye maji ndani ya fuwele, Na2CO3·xH2O, na anatakiwa kuitafuta x. Aliyeandaa maabara alipima gramu 3.575 za fuwele hizo, akaziyeyusha na kujaza maji hadi 250 cm³. Mwanafunzi akavuta 25 cm³ kwa pipeti, akaweka matone mawili ya methili oranji, akateremsha asidi ya HCl yenye 0.1 M kutoka kwenye bureti. Jaribio la kwanza lilimpa 25.40, na matatu yaliyofuata 24.90, 24.85 na 24.95. Karatasi iliyosahihishwa inasomeka hivi:

```
1. Wastani wa asidi = 24.90 cm³
2. Moli za HCl = 0.1 × 24.90 / 1000 = 0.00249
3. Moli za Na2CO3 katika 25 cm³ = 0.00249 / 2 = 0.001245
4. Moli katika 250 cm³ = 0.001245 × 10 = 0.01245
5. Uzito wa moli moja = 3.575 / 0.01245 = 287
6. x = (287 − 106) / 18 = 10
```

Kazi inaanza kwa kuifunika karatasi hiyo. Chukua karatasi tupu uandike jibu lote kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, bila kuchungulia. Ukikwama, acha nafasi wazi uendelee na mstari unaoukumbuka. Usifunue ili kujisaidia kidogo, kwa sababu ile nafasi tupu ndiyo habari unayoitafuta: inakuonyesha mahali ambapo ulikuwa unafuata mkono wa mwalimu tu. Ukifika mwisho, funua, ujaze mapengo kwa kalamu ya rangi nyingine, na uzihifadhi karatasi zote mbili.

Hapo umefanya nusu ya kazi, tena ile nyepesi. Mwanafunzi mwenye kumbukumbu nzuri anaweza kuimba mistari yote sita bila kuelewa hata mmoja. Kwa hiyo pembeni ya kila mstari andika sentensi inayoanza na “kwa sababu”. Iandike kwa Kiswahili, hata kama mtihani wenyewe ni wa Kiingereza. Sentensi ya Kiingereza unaweza kuinakili kutoka kitabuni ikiwa nzima bila kujua inasema nini. Ya Kiswahili itabidi uitunge mwenyewe.

Mstari wa kwanza una swali lake: kwa nini 25.40 haimo kwenye wastani? Kwa sababu jaribio lile lilikuwa la kukisia mwisho uko wapi, na asidi iliteremshwa kwa haraka. Matatu yaliyofuata yamekaribiana ndani ya 0.1, kwa hiyo hayo ndiyo ya kuaminika. Wa pili hauna mengi.

Wa tatu ndio wenye mtego, na hapa naomba tusiharakishe. Kwa nini umegawanya kwa mbili? Jibu la haraka ni “kwa sababu fomula inasema hivyo”, na jibu hilo halielezi kitu. Andika mlinganyo:

```
Na2CO3 + 2HCl → 2NaCl + H2O + CO2
```

Kila moli ya kabonati inakula moli mbili za asidi, ndiyo maana moli za kabonati ni nusu ya zile za asidi. Endelea kujiuliza: nitajuaje kwamba asidi ya pili nayo imeshaliwa? Kwa sababu kiashiria ni methili oranji, ambayo hutoka njano kwenda chungwa pale tu kabonati yote inapokuwa imekwisha. Ungetumia fenolfthalini, rangi yake ya waridi ingepotea nusu ya njia, kabonati ikiwa imegeuka NaHCO3 tu. Bureti ingesoma karibu 12.45, na uwiano ungekuwa moja kwa moja. Kumbe ile “gawanya kwa mbili” inategemea chupa ya kiashiria uliyoichukua mezani.

Sasa tazama kinachotokea mtu akiusahau mgawanyo huo. Moli zinakuwa 0.0249 katika 250 cm³, uzito wa moli moja unatoka 143.6, na x inakuwa 2. Ni namba ndogo, karibu kamili, inayopendeza macho. Hakuna kitu katika jibu hilo kitakachomshtua mwanafunzi. Linganisha na anayeusahau mstari wa nne, asizidishe kwa kumi: x yake inazidi 150, na hapo hata mvivu atashtuka. Makosa ya namna ya pili hujitangaza yenyewe. Ya namna ya kwanza hayakamatwi ila na mtu anayeweza kusema kwa nini mstari upo.

Ukishausemea wa tatu, mingine inafunguka. Wa nne upo kwa sababu 25 cm³ ni sehemu ya kumi ya chupa nzima, na gramu 3.575 ziliingia katika chupa nzima. Bila huo, wa tano ungegawanya uzito wa chupa nzima kwa moli za pipeti moja. Katika wa sita, 106 ni kabonati bila maji na 18 ni maji yenyewe.

Kipimo cha mwisho ni kubadili namba na kungoja. Baada ya siku mbili, mwambie mwenzako akupe usomaji mwingine, tuseme 28.60 cm³, mengine yabaki yaleyale. Fanya bila karatasi ya zamani. Utapata x = 8, na sasa unalo swali zuri: kwa nini si 10? Fuwele za sodiamu kabonati zenye maji kumi hupoteza maji zikiachwa wazi kwenye hewa kavu, zikageuka unga mweupe juu. Kiangazi cha Tabora kinatosha kabisa kwa kazi hiyo, na mtihani wa kidato cha nne huja Novemba, kiangazi kikiwa ndiyo kwanza kinaisha. Maji yakipungua, gramu zilezile zinabeba kabonati nyingi zaidi, asidi inayohitajika inaongezeka, na x inashuka. Aliyekariri atadhani amekosea hesabu. Anayeweza kuueleza kila mstari atakwenda kuangalia kifuniko cha kopo.

Njia hii ina mpaka wake. Haifundishi mkono. Anayesoma bureti macho yakiwa juu ya usawa wa maji, au anayepitiliza chungwa hadi nyekundu, ataandika maelezo mazuri juu ya namba mbaya. Hilo linatibiwa mezani, bureti ikiwa mkononi.

Walimu nao wana sehemu yao. Ukirudisha karatasi, usiishie kwenye alama ya vyema na jibu sahihi. Kwenye mstari mmoja tu, ule wenye mtego, andika “Kwa nini?” na umwachie mwanafunzi nafasi ya sentensi moja. Kisha ikusanye tena kesho yake, uisome sentensi hiyo kabla hujatazama kitu kingine.