Deraya Ifuate Mwanga wa Uso

Katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliotoka Marekani mwaka 1974, mchezaji huishi na mhusika wake kwa miezi, pengine miaka, na wengi hutamani mhusika huyo awe na sura yao. Rafiki akikupa picha yake umvishe mavazi ya kishujaa, usikimbilie deraya. Tazama kwanza mwanga uliompiga usoni, kwani ndio usioweza kuubadilisha kirahisi.

Tuseme rafiki anacheza paladini, shujaa aliyekula kiapo. Mpige picha kando ya dirisha, flashi ikiwa imezimwa, amevaa fulana isiyo na kola, uso umegeuka kidogo. Simama umbali wa mita mbili hivi. Simu ikimsogelea sana hukuza pua, na ukishachora atakuwa mtu mwingine. Halafu kuza picha umtazame machoni. Utaona kidoa cheupe cha dirisha. Kikiwa juu kushoto, mwanga wa deraya nzima utoke huko huko.

Katika Krita, programu ya bure ya kuchorea, picha hukaa tabaka la chini na deraya huchorwa katika tabaka la juu yake. Hapa wengi hupaka kijivu kitupu, ilhali chuma kilichong'arishwa huonyesha zaidi kilichokizunguka kuliko rangi yake. Shujaa akiwa amesimama uwanjani, dirii yake iliyobinuka itakuwa na weupe wa anga kifuani juu, ukanda wa giza katikati, kisha hudhurungi ya ardhi kuelekea tumboni. Mng'ao mkali uwe mdogo, ukae jirani na giza, na uzidi kidogo ule wa paji la uso. Ukiupaka kila ukingo, chuma kinageuka plastiki.

Shingoni ndiko kazi nyingi huharibikia. Kola ya chuma isiyo na kivuli cha kidevu hufanya kichwa kionekane kimebandikwa. Fungua tabaka jipya, lipe hali ya `Multiply`, kisha paka hudhurungi iliyokolea chini ya taya: ukingo wa kivuli uwe mkali karibu na ngozi, na ulainike kadiri unavyoshuka. Ongeza rangi hafifu ya ngozi juu ya kola, na mwanga kidogo wa chuma chini ya taya, maana vitu viwili vilivyo karibu hupeana rangi.

Sasa punguza picha hadi ukubwa wa kidole gumba, uigeuze kushoto kulia, kisha uiondoe rangi. Jicho likiivamia dirii kabla ya uso, fifisha mng'ao wa chuma wala usiuguse uso. Chapeo nayo mpe aishike kwapani. Akiivaa, ile sura uliyoombwa kuichora itafichika.