Sindano iliyoshindwa na kibofu

Mama wa miaka 28, asiye mjamzito, anaungua anapokojoa. Hana homa, wala kiuno hakimuumi. Ameshachomwa seftriaksoni siku tatu bila nafuu. Maabara imeotesha mkojo wake na kupata E. koli sugu kwa seftriaksoni na kotrimoksazoli, ila nitrofurantoini bado inamuua.

Bakteria huyu hutengeneza kimeng'enya kinachovunja pete ya beta-laktamu kabla dawa haijafanya kazi yake kwenye ukuta wa seli. Kuongeza dozi hakusaidii. Jeni ya kimeng'enya hicho hukaa kwenye plasmidi, kipande cha DNA kinachohama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, mara nyingi kikiwa na jeni za usugu kwa dawa nyingine. Huenda kotrimoksazoli imegoma kwa njia hiyohiyo.

Apewe nitrofurantoini kwa siku 5, maana hujikusanya kwenye mkojo. Kwangu mimi, ndiyo iliyostahili kutangulia tangu mwanzo. Mtahiniwa aangalie hapa: angekuwa na homa na maumivu ya kiuno, dawa hii isingefaa, kwa kuwa haifikii kiwango cha kutosha ndani ya nyama ya figo.